Bonana kwa nkambo: viti vipungue, watoto wasipungue

Kila tarehe 1 Januari familia yetu inakutana kwa nkambo, Katuba, hapa Lubumbashi. Watu wanaanza kuingia kwenye parseli saa nne asubuhi, bado sauti zimekauka kwa nyimbo za mkesha, na hakuna anayeondoka kabla ya giza. Chakula kinaiva kwenye saa tisa, kwa sababu kuku ni wengi na mbabula ni tatu tu. Katikati hapo kuna saa tano nzima ambazo wakubwa wanazijaza kwa mazungumzo, na watoto wanazijaza kwa chochote wanachokiona.

Mimi ndiye yaya wa wote. Shuleni watoto wanasema "kuzeni", lakini nyumbani neno hilo halina kazi: aliyekutangulia ni yaya, uliyemtangulia ni mdogo wako. Kwa hiyo miaka yote mama zangu wakiingia jikoni wananiambia, "Chunga wadogo zako," na wadogo zangu ni 17.

Mwaka juzi nilijiandaa kwa mchezo mmoja niliouona unafaa kila umri: viti na muziki. Nilipanga viti 16 vya plastiki chini ya mwembe, nikawasha wimbo kwenye simu, watoto 17 wakazunguka. Wimbo ukizimwa, kila mtu anakaa, anayekosa kiti anatoka. Wa kwanza kutoka alikuwa mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka 4, na ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa maana nani mwingine angesukumwa kirahisi hivyo? Aliniangalia akauliza, "Yaya, mi nafanya nini sasa?" Nikamwambia akae pale akiangalia wenzake.

Sikupiga hesabu, na ningeipiga ningeona. Watoto 17 wanahitaji raundi 16 ili abaki mmoja. Kila raundi, na kelele zake na ugomvi wake wa nani alikaa kwanza, inachukua kama dakika moja na nusu. Aliyetoka wa kwanza anabaki kungoja raundi 15, yaani dakika 22 na zaidi. Hakuna mtoto wa miaka 4 anayekaa dakika 22 akiangalia furaha ya wengine. Kwenye raundi ya sita nilisikia kilio kutoka upande wa jikoni. Alikuwa amefuata harufu ya kuku, akashika ukingo wa mbabula kwa kiganja. Tantini mmoja alikuja mbio na dawa ya meno, tukamzuia, tukamwagia mtoto maji ya baridi kiganjani kwa dakika 20. Kilivimba lengelenge moja, kikapona. Lakini siku ile mchezo uliishia hapo, na mimi nilikaa na mtoto mapajani hadi jioni nikiifikiria hesabu ile.

Nilichokiona ni kwamba mchezo wa kutoana unawatoa watoto kwa mpangilio wa umri. Wa kwanza kutoka ni wale wanaohitaji kuchungwa zaidi, na wa mwisho kubaki ni wale ambao hata bila mchezo wangejikalia salama na simu zao. Unamaliza ukiwa na vijana wawili wakubwa wanagombea kiti kimoja, na wadogo kumi wametawanyika kwenye parseli yenye moto, pipa la maji na lango lililo wazi.

Kwa hiyo mwaka jana nilianza na mchezo ule ule, nikaugeuza: kinachotolewa ni nafasi, mtoto habanduki. Viti niliviacha, kwa sababu kiti cha plastiki kikikaliwa na watoto watatu miguu yake inapanuka na kuvunjika. Nikachukua vikwembe vitatu vya yadi mbili mbili, nikavitandaza kwenye udongo mkavu chini ya mwembe. Kikwembe cha yadi mbili kina urefu wa karibu mita 1.8 na upana wa mita 1.1 hivi, yaani kama mita mbili za mraba. Muziki unapigwa, wote wanacheza kuzunguka. Ukizimwa, wote 17 wanatakiwa wawe juu ya vikwembe, hakuna mguu unaogusa udongo, na ninahesabu hadi 5. Wakifaulu, ninaondoa kikwembe kimoja. Mdogo anaruhusiwa kubebwa.

Hiyo ruhusa ya kubebwa ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Vikwembe vitatu havina taabu, na viwili ni kubanana tu. Kilipobaki kimoja, walijaribu kusimama wote 17 na wakamwagika pande zote. Ndipo binti wa miaka 13 alipopiga kelele, "Kila mkubwa achukue mtoto!" Tulikuwa na watoto sita wa miaka 7 kurudi chini. Wakabebwa mgongoni wote sita, na chini wakabaki watu 11 wa kusimama kwenye mita mbili za mraba. Watu watano au sita kwa mita moja ni msongamano, lakini wakikumbatiana inawezekana. Nilihesabu hadi 5 polepole. Yule aliyeungua mwaka uliotangulia alikuwa juu kabisa, mgongoni kwa kijana wa miaka 16, na ndiye aliyekuwa akihesabu pamoja nami kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikakunja kikwembe katikati. Hapo hawakuweza, na wala sikutegemea waweze: watu 11 kwenye mita moja ya mraba ni zaidi ya miguu inavyotoshea. Walianguka wote pamoja, wakaomba kurudia mara nne. Katika mchezo ule wa mwanzo kuanguka kulikuwa aibu ya mtu mmoja, na huku kulikuwa kwa wote, na kwa hiyo hakuna aliyelia.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Mvua ilipoanza, kwenye saa saba, tuliingia saloni na tukajaribu mchezo huo kwenye sementi. Kikwembe kwenye sementi laini kinateleza kama sabuni. Mara ya kwanza tu wawili waliteleza na mmoja akagonga kiwiko. Tulikiondoa, nikaokota kipande cha makaa nikachora duara chini. Duara halitelezi, na ukitaka kupunguza nafasi unachora jingine ndani yake. Nkambo aliniangalia, akaangalia sakafu yake, akasema tu kwamba kesho yake nitaisugua, na niliisugua.

Mvua zetu za Januari zinakuja kwa nguvu halafu zinakatika. Ilipokatika, mabasani yote chini ya bati yalikuwa yamejaa, na hapo nilikuwa na mchezo wa pili tayari. Maji ya bomba nkambo asingeturuhusu, na ana haki, kwani yanachotwa na kuwekwa akiba kwa kazi za nyumba. Ya mvua ni ya kila mtu.

Mchezo wenyewe ni wa kuhamisha maji. Timu mbili, kila timu ina basani moja upande huu na bido la lita 5 hatua 12 mbele. Mtoto anachota kwa kikombe, anakwenda, anamimina, anarudi. Timu ya kwanza kujaza bido imeshinda. Ukiuacha hivi hivi, timu yenye vijana warefu inashinda kabla ya wadogo kujua kinachoendelea. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutengeneza kwanza: timu na vikombe.

Timu usiwaachie vijana wakubwa wachague, maana mtoto anayechaguliwa wa mwisho anajua kwa nini amekuwa wa mwisho. Mimi huwapanga msitari mmoja kwa umri, mkubwa mbele. Yule wa miaka 16 nilimtoa, nikampa kazi ya mwamuzi, maana alikwisha anza kusema michezo hii ni ya watoto, na filimbi inamkalisha kijana mahali pamoja kuliko maneno. Wakabaki 16. Watu wengi hapa wanahesabu moja, mbili, moja, mbili, hadi mwisho. Inaonekana haki, lakini timu ya kwanza inapata mkubwa katika kila jozi. Tazama wanane wa mbele waliokuwapo: miaka 15, 14, 13, 12, 11, 10, 10 na 9. Ukihesabu moja, mbili, moja, mbili, timu ya kwanza inapata jumla ya miaka 49 na ya pili 45. Ukihesabu kama nyoka anavyorudi, moja, mbili, mbili, moja, halafu tena moja, mbili, mbili, moja, unapata 15, 12, 11 na 9 upande huu, na 14, 13, 10 na 10 upande ule. Kila upande ni 47. Nilipowaonyesha hesabu hiyo kwa kijiti kwenye tope, hakuna aliyebisha tena kuhusu timu.

Vikombe ndivyo vinavyowapa wadogo nguvu. Nilinunua vikombe vya plastiki vya mkono mmoja, nikapasha msumari kwenye mbabula usiku wa tarehe 31, nikatoboa matako yake. Kwa walio chini ya miaka 8, tundu moja. Kuanzia miaka 8 hadi 12, matundu mawili. Kuanzia 13, matundu manne. Mwanzoni nilifikiria kuwasogeza wadogo karibu na bido, hatua 6 badala ya 12, lakini niliwahi kuona jinsi mtoto wa miaka 6 anavyokasirika akisogezwa mbele machoni pa wenzake. Anajua amehurumiwa. Kikombe chenye matundu hakimwambii mdogo kwamba ni dhaifu, kinampa tu kijana mkubwa kazi ngumu zaidi. Na ni ngumu kweli: mwenye matundu manne akikimbia maji yanaruka juu na kuvuja chini, akitembea yanavuja yote. Binti wa miaka 14 alifika kwenye bido na maji ya kulowesha kidole. Nyuma yake akaja mdogo wake wa miaka 5, taratibu, ulimi nje, kikombe karibu kimejaa.

Mzunguko wa kwanza tulikosea jambo moja, na lilikuwa kosa lile lile la mwaka juzi limevaa nguo nyingine. Niliwatuma mmoja mmoja. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 20, na timu ina watu wanane, kwa hiyo kila mtoto alikuwa akingoja zaidi ya dakika mbili kabla ya zamu yake. Nilitambua nilipoona watoto wawili wamesimama ndani ya basani. Tukabadilisha: wanaondoka wawili wawili, mkubwa na mdogo, na jozi inayofuata inatoka wale wakifika kwenye bido. Hapo kungoja kukawa sekunde 20 hivi, na basani likabaki na maji tu.

Udanganyifu ulikuwepo. Kijana wa miaka 10 alikuwa anaziba matundu kwa vidole. Nilimjua kwa sababu alikuwa akishika kikombe kwa chini kama anayebeba kifaranga. Tukaweka sheria kwamba kikombe kinashikwa kwa mpini wake tu, isipokuwa walio chini ya miaka 8, ambao wakitaka kuziba tundu lao wazibe. Njia iliyokuwa mbele ya bido ilikuwa tope tayari baada ya dakika chache, kwa hiyo kila mchezo ulipokwisha tulisogeza mabido pembeni hatua tatu. Tulicheza mara tatu. Mara ya kwanza bido moja lilijaa na lile jingine likiwa nusu, nikajua vikombe bado havijakaa sawa, nikamwongezea kijana wa miaka 15 matundu mawili. Mara ya tatu tofauti ilikuwa vidole viwili vya maji, na mwamuzi ilibidi apime kwa kulala kifudifudi.

Baada ya chakula hakuna anayekimbia, bukari na sombe vinamkalisha mtu. Wasichana wakubwa walicheza nzango kidogo karibu na lango, na nilifurahi kuona wanawaita wadogo. Katika nzango wawili mnatazamana, mnapiga makofi, mnaruka na kila mmoja anatoa mguu. Mmoja anataka miguu ikutane upande mmoja, mwingine anataka ipishane. Nusu yake ni kubahatisha, na kwa hiyo mtoto wa miaka 7 anaweza kumshinda wa miaka 15 bila mtu kumhurumia.

Usiku ulipoingia umeme ulikatika, kama inavyotokea, na hapo niliweka mchezo wa tatu, ule wa kufumba macho. Wengi wanaujua: wachezaji wanapewa siri kwenye karatasi, wachache ni wabaya, usiku wote wanafumba macho na wabaya wanachagua mtu, mchana kijiji kinajadiliana na kumtoa anayeshukiwa. Mwaka juzi vijana walikuwa wameucheza wenyewe, na wale wabaya wakawaita wachawi.

Lazima nieleze kilichotokea. Kulikuwa na mdogo wetu wa kike wa miaka 8 wakati huo, ambaye alikuwa amekuja kukaa kwa mjomba baada ya mama yake kufariki. Vijana wakamshuku. Wakaanza kumnyooshea vidole kwenye mwanga wa mshumaa wakisema, "Ni yeye mchawi, ni yeye." Ulikuwa mchezo, na karatasi yake wala haikuwa ya mchawi. Lakini tantini aliingia akasikia, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Batoto, nani anasema iyo jina humu ndani?" Mchezo ukafa. Hapa kwetu kuna watoto wanaolala nje mjini kwa sababu mtu wa nyumbani aliwaita hivyo, na mara nyingi ni yatima aliyepokelewa na ndugu. Mtoto yule alijua. Hakusema neno lolote hadi kesho yake asubuhi. Tangu hapo neno hilo halitumiki katika mchezo wowote ninaousimamia, na ninamwomba kila mwenye watoto kutoka nyumba tofauti asilitumie.

Kwetu wabaya sasa ni wezi wa maembe. Januari mwembe wa nkambo umejaa, na kila mtoto hapo amewahi kuiba embe, kwa hiyo kushukiwa hakumuumizi mtu. Karatasi hazina maandishi: mwizi ana embe lililochorwa, mlinzi ana jicho, raia ana nyumba. Asiyejua kusoma anacheza kama wengine. Wale sita wadogo kila mmoja anakaa mbele ya mkubwa mmoja, wawili hao wanahesabiwa kichwa kimoja, na karatasi wanaangalia pamoja. Hivyo vinakuwa vichwa 11, na wezi wawili wanatosha. Kila usiku wezi wanamwibia mmoja, na mlinzi anaruhusiwa kunyooshea kidole mtu mmoja, nami ninamjibu kwa kichwa kama ni mwizi. Kila mchana kijiji kinamtoa mmoja. Wezi wakilingana kwa idadi na wengine, wameshinda, na bila mwizi kukamatwa hilo linafika usiku wa nne.

Na waliotoka? Hapa nilijifunza kutoka kwa watoto wenyewe. Shida ya mchezo huu chumbani ni kwamba masikio yanasikia: mwizi akinyoosha mkono, koti linakwaruza, jirani anajua. Kwa hiyo aliyeibiwa anakuwa sauti ya usiku. Mmoja ni mvua, anapigapiga vidole kwenye sinia. Mwingine ni mbwa, mwingine chura. Kazi yao ni kufunika kelele za wezi. Wanafungua macho, wanajua siri yote, na midomo yao ina kazi nyingine kwa hiyo hawaitoi. Wa miaka 5 peke yake aliitoa, mara mbili, kwa kutaja jina kwa furaha. Nikamweka mapajani na kumpa sinia.

Yule mdogo wetu aliyenyamaza mwaka juzi alitoka usiku wa kwanza kabisa, na akachagua kuwa chura. Tulicheza raundi tatu. Katika ya pili na ya tatu aliniuliza kama anaweza kuwa chura tangu mwanzo.

Vikombe nilivifunga kwenye mfuko na kumwachia nkambo. Mwaka huu, kabla hata ya kunisalimia bonana, kijana aliyekuwa na miaka 12 alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa nikiwasha mbabula. Alikuwa ameshika kikombe chake mkono mmoja na msumari mkono mwingine. "Yaya," akasema, "nimetimiza 13. Niongezee mawili."